Dimbwi la gereji lenye rangi za upinde wa mvua

"Nina gereji Uyole. Mvua ikinyesha dimbwi linang'aa rangi za upinde wa mvua. Oili nyingi inanimwagikia? Maboya ya kuzuia oili yatafaa mtaroni?"

Hapana kaka, rangi hizo ni za oili kidogo. Mwanga huakisiwa juu ya oili na tena chini, inapogusana na maji. Miale ikikutana, rangi moja hukolea, nyingine hufifia, kulingana na unene wa utando. Mililita 1 ikitandaa mita 1 ya mraba, unene ni maikromita 1 tu. Cha kuogopa ni weusi usio na rangi hizo.

Boya huelea na kuzuia oili kwa sketi, yaani pazia linaloning'inia majini. Ukilikatisha mtaro moja kwa moja, na mvua zenu zile, maji yakizidi takriban sentimita 35 kwa sekunde, oili hupita chini ya sketi. Lilaze mshazari, oili itasogea ukingoni, uichote hapo.