Salio linapogeuka hasi

Swali la wiki: "Mtu anayetafuta kazi mtandaoni atalitambuaje tangazo la uongo kabla hajajibu?"

Mimi naona tangazo lenyewe halina shida kubwa. Matapeli wa siku hizi hunakili tangazo la kampuni halisi neno kwa neno, nembo ikiwemo, kwa hiyo kukagua makosa ya tahajia hakutoshi. Bora kumfundisha mtu kinachotokea akishajibu, maana pesa huliwa huko. Na kanuni tunayoirudia kila siku ni moja: kazi inayokudai hela si kazi.

Kuna dada mmoja aliyeijua kanuni hiyo vizuri kabisa. Alipata ujumbe wa WhatsApp kutoka kwa mtu aliyejiita afisa ajira: kazi ya kubofya bidhaa ili "kuziboresha" kwenye duka la mtandaoni, bidhaa 40 kwa awamu, kila moja ikiwa na kamisheni ya nusu asilimia. Siku ya kwanza alifanyia mazoezi kwenye akaunti ya mwalimu aliyepangiwa, akalipwa dola 15 za USDT, sarafu ya kidijitali inayofuata thamani ya dola. Zikaingia kweli kwenye pochi yake ya mtandaoni. Siku ya pili akaambiwa aweke 100 kufungua akaunti yake mwenyewe, akamaliza awamu, akatoa 120. Hapo kanuni yetu ilikuwa imeshakufa, kwa sababu alichokiona kwa macho yake ni kazi inayolipa.

Siku ya tatu akaweka tena 100. Alipofika bidhaa ya 23 mfumo ukampa "bidhaa mseto" ya dola 168, wakati salio lake lilikuwa 111. Skrini ikaandika hasi 57. Akaambiwa amebahatika, kwani mseto una kamisheni mara kumi, ila asipojaza pengo hataendelea, na asipomaliza zote 40 hatoi hata senti. Akalipa. Bidhaa ya 38, hasi 451. Akalipa. Bidhaa ya 40, ya mwisho kabisa, hasi 1,425. Hiyo alikopa.

Mapengo hayo hayaji kwa bahati. Hakuna duka wala bidhaa nyuma ya skrini, na tapeli ndiye anayeandika kwenye akaunti ya kila mtu mseto utokee wapi na uwe wa kiasi gani. Ule mkubwa zaidi huuweka karibu na mwisho kwa sababu mtu aliyebakiza bidhaa moja, na pesa yake imefungiwa ndani, hulipa kwa urahisi kuliko anayeanza. Kwenye grupu la Telegram "wafanyakazi wenzake" walikuwa wakituma picha za pesa walizotoa. Hao nao ni matapeli.

Salio likasoma 2,205. Alipoomba kutoa, akatakiwa alipe kwanza kodi ya asilimia 20, yaani dola 441. Akauliza swali ambalo laiti angeliuliza siku ya tatu: kwa nini msikate humo humo kwenye salio langu? Wakajibu kwamba mfumo hauruhusu. Hauruhusu kwa sababu salio lile ni maandishi tu. Anayekushikia pesa halisi anaweza kukata ada yake na kukupa inayobaki. Kwa hiyo swali hilo liulizwe mapema, mara tu hasi ya kwanza inapotokea: nataka kuacha sasa, kateni mnachodai, mnipe kilichobaki. Wakikataa, usiongeze chochote, hata kama pengo ni dogo.

Nikifika hapa naona kanuni niliyoanza nayo inahitaji marekebisho. Upwork, kwa mfano, huuza Connects za kuombea kazi, na ni jukwaa halali. Lakini bei yake inajulikana kabla, na hakuna anayekuahidi kwamba pesa hiyo itarudi na faida. Basi kulipa peke yake si kipimo. Ninachokiogopa zaidi ni malipo yanayotakiwa ili ufungue pesa inayosemekana tayari ni yako.

Ukitaka kukagua kabla, ingia lookup.icann.org, andika anwani ya tovuti waliyokutumia, usome tarehe ya kusajiliwa penye neno Created. Kampuni inayojisifia miaka mingi huku tovuti yake ina wiki tatu, achana nayo. Tarehe ya zamani haithibitishi kitu, kwa kuwa anwani kuukuu hununuliwa.

Aliyekwisha kutuma USDT hawezi kuirudisha mwenyewe. Atunze namba ya muamala (TXID), anwani ya pochi iliyopokea na mazungumzo yote, kisha aripoti haraka polisi na kwenye soko la sarafu alikonunulia. Ikiwa pesa imepita kwenye soko jingine linalojulikana, huenda ikazuiwa, ingawa mara nyingi huwa imeshahamishwa. Na ndani ya siku chache atatokea "mtaalamu" wa kurejesha pesa zilizoibwa, naye atataka ada kwanza. Mara nyingi huyo amepewa namba ya aliyeibiwa na matapeli wale wale.