Riba ya malipo yaliyochelewa huanzia kwenye profoma

Ninachapisha fomu, mabango na kalenda hapa Dar es Salaam, na wateja wangu wengi hulipa baada ya kupokea mzigo. Wafanyabiashara wenzangu huniuliza sana juu ya hili: mteja amechelewa miezi miwili, je, naweza kumwongezea riba? Jibu langu huwa swali: alikubali lini?

Ukiandika riba kwa mara ya kwanza kwenye ankara, umechelewa. Ankara huja baada ya kazi kuagizwa, mara nyingi baada ya mzigo kufika, na wakati huo makubaliano yalishafungwa. Mteja ana haki ya kusema hakuyajua masharti hayo. Kwa hiyo weka sharti la riba kwenye profoma, yaani ile hati ya bei unayompa mteja kabla ya kazi, juu ya sehemu ya sahihi, kisha usianze kazi mpaka profoma irudi ikiwa imesainiwa, au mteja ajibu kwa barua pepe kwamba ameikubali pamoja na masharti yake. Kwenye ankara unalirudia tu sharti hilo na kutaja namba ya profoma. Kampuni kubwa zikikuletea LPO, yaani hati yao ya kuagiza kazi, isome mpaka nyuma, kwa sababu mara nyingi ina masharti yake ya malipo. Ikisema siku 60 na profoma yako inasema 30, pigeni simu mkubaliane na kuandikiana kabla hujanunua karatasi.

Hili ndilo sharti ninalotumia:

"Malipo yafanyike ndani ya siku 30 tangu tarehe ya ankara. Kiasi ambacho hakijalipwa baada ya hapo kitatozwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, ikihesabiwa kwa kila siku ya kuchelewa hadi siku ya malipo. Riba haitazaa riba. Pingamizi juu ya ankara liletwe kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu kuipokea."

Sentensi ya mwisho imeniokoa mara nyingi kuliko riba yenyewe. Bila hiyo, mteja unayemkumbusha deni siku ya 50 ndipo anapogundua kwamba rangi ya bango haikumpendeza.

Asilimia 18 niliichagua kwa sababu iko karibu na gharama ninayoingia mimi ninapokopa benki kuziba pengo la mteja aliyechelewa. Ukiulizwa, uwe na maelezo ya namna hiyo. Kifungu cha 74 cha Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, kinasema kwamba mkataba ukitaja kiasi cha kulipwa endapo utavunjwa, aliyeumizwa anastahili fidia ya kadiri, isiyozidi kiasi hicho. Maana yake ni kwamba kiwango ulichoandika ni dari. Mahakama inaweza kukupa chini yake ikiona umezidisha, hata kama mteja alisaini.

Tuchukue ankara ya shilingi 3,650,000 iliyotumwa kwa hoteli tarehe 1 Machi. Mwisho wa kulipa ni 31 Machi. Asilimia 18 ya deni hilo ni 657,000 kwa mwaka; gawanya kwa 365, unapata 1,800 kwa siku. Hoteli ikilipa tarehe 10 Mei, imechelewa siku 40, na riba ni 72,000. Mhasibu yeyote ataikagua kwa kikokotoo na kukubali. Sasa chukua lile sharti la "asilimia 10 kila wiki" ninaloliona kwenye ankara nyingi. Wiki 5 kamili zingeleta 1,825,000, yaani nusu ya deni zima. Hiyo ni adhabu, na mteja ataipinga yote badala ya kulipa sehemu.

Hesabu hiyo usisubiri kuidai mwishoni. Tuma kikumbusho siku chache kabla ya tarehe ya mwisho, kisha ikipita tu, tuma taarifa ya deni yenye mstari wa pekee wa riba na idadi ya siku. Ukinyamaza miezi sita halafu ukaleta riba yote pamoja, utaambiwa ulikuwa umeisamehe.

Shauri likifika mahakamani na ukashinda, riba baada ya hukumu ina kanuni yake: asilimia 7 kwa mwaka, au kiwango kingine mlichokubaliana kwa maandishi, kisichozidi 12. Asilimia zako 18 haziendelei baada ya hapo.

Wapo wateja, Zanzibar hasa, ambao kwa imani yao hawatoi wala kupokea riba, nami naheshimu hilo kabisa. Kwao nafuta sharti la riba na kuomba nusu ya fedha kabla ya kuanza kuchapa, na nusu nyingine siku ya kukabidhi mzigo.