Kiyoyozi cha gari kinapoza nikiwa mwendoni tu

"Wakuu, gari ikitembea kiyoyozi kinapoza safi, nikikwama kwenye foleni kinatoa hewa vuguvugu. Fundi anataka aongeze gesi. Nikubali?"

Mkuu, subiri kwanza. Kiyoyozi hakitengenezi baridi, kinahamisha joto. Ndani ya dashibodi kuna evapareta, ambamo gesi iliyogeuzwa kimiminika huchemka kwenye nyuzi chache tu juu ya sifuri, na ili ichemke hunyonya joto la hewa ya ndani. Kompresa huuvuta mvuke huo na kuukandamiza mpaka uwe wa moto kuliko hewa ya nje, hata kupita nyuzi 60, kisha huusukuma kwenye kondensa iliyo mbele ya rejeta. Hapo joto hutoka na mvuke hurudi kuwa kimiminika. Kikipita kwenye valvu nyembamba presha hushuka ghafla, na mzunguko huanza upya.

Kondensa inahitaji upepo. Ukitembea, upepo unajileta. Ukisimama, unategemea feni tu. Feni ikifa, joto halina pa kwenda na presha inapanda. Kuongeza gesi hapo ni kuipandisha zaidi.

Washa kiyoyozi gari ikiwa imesimama, uitazame feni (mikono mbali, huwaka yenyewe). Haizunguki? Kagua fyuzi, relei na mota. Inazunguka? Mwagia kondensa maji taratibu: hewa ikipoa baada ya muda mfupi, safisha vumbi kwenye mapezi. Isipopoa, ndipo mwambie fundi aweke geji, maana gesi pungufu nayo hujionyesha zaidi kompresa ikizunguka polepole.