Unataka kumsoma Suhrawardi? Anza na maumivu ya jino

Wengi wanaonitafuta kuhusu falsafa ya Ishraki, yaani falsafa ya mwangaza ya Suhrawardi, wanataka kuruka moja kwa moja kwenye nuru na malaika za kitabu chake Hikmatul Ishraq. Mi nawaambia subirini kwanza, jibu swali moja tu: unajuaje kwamba wewe ni wewe?

Suhrawardi, yule mwanafalsafa wa Uajemi aliyeuawa kule Halab, Syria, mwaka 1191, anasimulia kwenye kitabu chake Talwihat kwamba suala la elimu, yaani kujua ni nini hasa, lilimtesa sana mpaka akamwona Aristotle katika hali kama ya ndoto, akamwambia rudi kwenye nafsi yako. Hoja inayofuata isome taratibu. Kitu unachokijua kupitia picha iliyomo akilini, hiyo picha kwako ni "ile", sio "mimi". Sasa kama na nafsi yako unaijua kwa picha, utajuaje kwamba hiyo picha ni yako na sio ya mtu mwingine? Lazima uwe umeshajijua kabla ya picha kuja. Basi kujijua huko hakuna picha katikati, nafsi ipo wazi kwake yenyewe, na ndo hiyo wanaiita elimu hudhuri. Ile ya picha na maelezo ni elimu husuli.

Mimi binafsi ilinikaa kichwani kwa maumivu, na Suhrawardi mwenyewe anatumia mfano wa maumivu. Jino likikuuma saa nane za usiku huyatazami maumivu kwenye picha, yapo tu kwako. Lakini ukisema "ni gego la chini" hapo umeshatoa hukumu, na unaweza ukaenda kwa daktari umeshika taya la chini akagonga moja moja akakuta bovu liko juu. Kuuma kulikuwa kweli, kilichokosea ni maelezo.

Shika sana tofauti hiyo maana utaihitaji ukifika kwa mwanafalsafa Mulla Sadra wa Shiraz, aliyefariki 1640. Yeye anachukua hudhuri ya Suhrawardi, anaiunganisha na irfani, yaani elimu ya kiroho, ya sufi Ibn Arabi, anasema elimu yenyewe ni namna ya kuwepo, na kuwepo kuna daraja, kwa hiyo nafsi ikipanda daraja na yale yanayokuwa hadhiri, yaani yaliyopo wazi kwake, yanaongezeka. Hapo kashfu ya masufi, yaani kufunuliwa mambo moyoni, inapata mlango ndani ya falsafa. Na hapo ndo wasomaji wengi wanateleza, mtu anasema nimeona kwa hudhuri basi siwezi kukosea! Hapana, akishafungua mdomo kueleza alichoona ameshaingia kwenye husuli, na Sadra mwenyewe anataka kashfu ije na burhani, yaani hoja ya kimantiki.

Kwa hiyo soma kwanza mfano wa Ibn Sina wa mtu anayeelea hewani bila kuhisi mwili wake lakini bado anajijua, halafu Talwihat, Hikmatul Ishraq baadaye. Suhrawardi mwenyewe alitaka msomaji wa kitabu hicho awe ameshaijua vizuri falsafa ya Mashai, yaani ya wafuasi wa Aristotle, kisha akae faragha siku 40 bila kula nyama ndo akifungue.