Taa za LED zinapepesa kwenye transfoma ya halojeni: kosa nililolifanya kwenye dari la sebule

Mteja wangu mmoja wa Mbezi Beach, mama mtu mzima, aliniita kwa sababu ya LUKU. Sebule yake ina taa sita za halojeni zilizozamishwa kwenye dari la jipsam, zile ndogo za miguu miwili ya sindano, kila moja wati 50. Sita mara 50 ni wati 300. Akiziwasha kwa muda wa saa tano kila jioni anakula uniti moja na nusu kwa siku, sebule peke yake. Akataka tuweke LED za wati 5, na hesabu ile ile ishuke hadi uniti 0.15. Koridoni kulikuwa na nyingine mbili za aina hiyo hiyo, kwa hiyo jumla nane.

Nilifika na taa saba, maana duka liliishiwa. Nikachomoa za zamani, nikachomeka mpya, ile ya nane pale juu ya kabati nikaiacha halojeni kama ilivyokuwa. Nikawasha. Koridoni shwari kabisa. Sebuleni, taa tatu za upande wa kabati shwari. Tatu za upande wa dirishani zikaanza kupepesa, zinatetemeka kama mshumaa kwenye upepo, mara moja moja zinazima kabisa na kurudi.

Nikafanya wanalofanya mafundi wengi: nikasema taa hizi tatu ni mbovu. Nikazibadilisha nafasi, LED mbili za kabatini nikazipeleka dirishani na mbili za dirishani nikazileta kabatini. Zikapepesa hizo hizo zilizokuwa nzima dakika moja kabla, na zile "mbovu" zikatulia kabatini. Basi taa hazikuwa na kosa. Nikamwahidi mama kurudi.

Kesho yake nilirudi na taa ya nane. Nikaitoa ile halojeni ya mwisho juu ya kabati, nikaweka LED. Palepale taa zote tatu za upande ule, zilizokuwa zimetulia usiku mzima, zikaanza kupepesa. Mama akaniuliza, "Fundi, sasa umeziharibu na hizi?" Hapo ndipo nilipopanda ngazi, nikaingiza mkono kwenye tundu la taa na kuitoa transfoma nje nisome maandishi yake, jambo ambalo ningepaswa kulifanya siku ya kwanza.

Kila upande wa taa tatu ulikuwa na transfoma yake. Hii ilikuwa boksi jepesi la plastiki, limeandikwa `12V AC` na chini yake `50-150W`. Ile namba ndogo ya mwanzo ndiyo yenye habari yote. Transfoma hii inataka mzigo usiopungua wati 50. Halojeni tatu zilikuwa zinaipa 150. Nilipoacha halojeni moja na LED mbili, ilipata 50 na 5 na 5, yaani 60, ikaridhika. Nilipoiondoa halojeni ya mwisho ikabaki na 15.

Kwa nini inakataa mzigo mdogo? Transfoma za aina hii si koili ya shaba iliyozungushwa kwenye chuma. Ndani kuna transista mbili zinazoukatakata umeme wa ukutani maelfu kwa maelfu ya mara kwa sekunde, ndiyo maana boksi ni dogo na jepesi. Na kinachozifanya transista hizo ziendelee kukatakata ni mkondo wenyewe unaokwenda kwenye taa: sehemu yake ndogo inarudishwa kuzisukuma. Halojeni ya wati 50 kwa volti 12 inavuta zaidi ya ampea 4. LED ya wati 5 inavuta chini ya nusu ampea. Umeme wetu wa hezi 50 unapita kwenye sifuri mara 100 kila sekunde, na kila mara transfoma inazimika na kulazimika kujiwasha upya. Mkondo ukiwa mwembamba, safari nyingine inawaka, nyingine inashindwa. Huko kushindwa ndiko tunakokuona kama kupepesa.

Ndiyo maana pia nyumba moja inaweza kuwa na transfoma mbili zinazofanana, moja ikapepesa na nyingine ikatulia. Zikiwa karibu na mpaka, tofauti ndogo tu za vifaa vya ndani zinaamua. Na usidhani ukifikisha wati zilizoandikwa umesalimika, kwa sababu LED haivuti umeme kwa utulivu kama waya wa halojeni. Inauvuta kwa mikupuo, kisha inaacha, na transfoma inaweza kuchanganyikiwa hata hesabu ikiwa imetimia.

Koridoni je? Kule nilitoa kitu kizito cha mviringo, shaba na chuma kweli. Transfoma ya namna hiyo haina mzigo wa chini, inafanya kazi hata ukiweka taa ya wati 2. Ila ikiwa na mzigo mdogo volti zake hupanda kidogo. Mita ilinionyesha 12.9, na taa zile zilivumilia. Mita hiyo hiyo usiiamini kwenye transfoma ya plastiki. Mita zetu za kawaida zimetengenezwa kwa umeme wa hezi 50, na ukiipimia umeme uliokatwa kwa kasi ile itakupa namba isiyo na maana.

Dawa niliyotumia sebuleni ni kuzitoa zile transfoma mbili na kuweka draiva mbili za LED zinazotoa volti 12 za DC. Mzigo wa kila upande ni wati 15, nikachukua za wati 30 zisifanye kazi kwa kujikaza, maana juu ya dari joto linakaa. Angalia sana unaponunua: draiva iandikwe `12V` moja kwa moja. Ikiwa imeandikwa kitu kama `300mA` na volti kutoka hapa hadi pale, hiyo ni ya taa za paneli na haifai hapa. Na taa yenyewe iandikwe `12V AC/DC`. Nilizima swichi kuu, nikahakikisha kwa testa, nikafunga konekta, nikapitisha draiva kwenye tundu lile lile la taa na kuilaza pembeni, isikae juu ya mgongo wa taa. Hakuna hata moja iliyopepesa.

Kuna wanaoacha halojeni moja makusudi ili kuishikilia transfoma. Kama njia ya kupima ni nzuri sana, maana kupepesa kukiisha umejua tatizo ni mzigo. Lakini balbu hiyo ikiungua, taa zote za kundi zinarudi kupepesa. Wengine wanaiondoa transfoma na kuweka taa za LED za volti 230. Inawezekana, lakini vishikio vya taa vinabadilika, na waya uliokuwa umebeba volti 12 lazima ukaguliwe kama unastahili kubeba umeme wa ukutani, na fremu za chuma ziwe na ethi. Kazi hiyo mwachie fundi.

Kama ukutani kuna dima, nayo ina mzigo wake wa chini na inaweza kupepesa taa kwa sababu yake yenyewe. Izungushe hadi mwisho wa juu: kupepesa kukiendelea vile vile, anza na transfoma. Kukiisha, badilisha dima kwanza.

Siku hizi kabla ya kwenda dukani nateremsha taa moja ya kila kundi, naivuta transfoma hadi kwenye mwanga na kuipiga picha lebo. Tundu la taa linatosha kupitisha mkono, na kazi hiyo haifiki dakika tano kwa kila kundi.