Barua kwa rafiki ambaye hakutafuti

"Nataka kumwandikia rafiki yangu kwamba naona urafiki wetu umekuwa wa upande mmoja, nianzeje bila kumkwaza?"

Usianze na "wewe huwa hunitafuti", hapo ataanza kujitetea tu na mengine hatayasoma. Chukua tukio moja la karibuni, sio mafaili ya miaka yote, halafu sema ulivyojisikia. Mfano:

"Mambo rafiki yangu, nimekukumbuka. Juzi nilipokuwa naumwa nilikutumia meseji, ukanijibu na stori za kazini kwako, nikasikiliza kama kawaida ila nilijisikia mpweke. Naona siku hizi mimi ndo naanza kila kitu. Kama una mambo mengi niambie tu. Ningefurahi na wewe unipigie siku moja moja uniulize naendeleaje."

Hiyo sentensi ya mwisho usiitoe, ni ombi dogo analoweza kulifanya, maana ukimwambia "badilika" hatajua aanzie wapi. Na ile ya kukaa kimya eti umpime kama atakutafuta, achana nayo, mwenzio hata hajui kama yuko kwenye mtihani. Akisema "pole, sikujua", mpe muda uone kama atapiga kweli, ila akirudia mambo yake tu bila kugusa ulichoandika, basi punguza taratibu unachotoa, bila ugomvi.