Kwoteshini tatu za kupaua: Jumatatu usimpe hata mia

"Wakuu, nina kwoteshini tatu za kupaua nyumba ya vyumba vitatu hapa Kiboroloni: milioni 13.2, 15.9 na 17.4. Nataka nimpe huyu wa 13.2, anataka asilimia 60 Jumatatu aanze. Kuna ubaya? Na je, bati la msauzi na la migongo mipana lipi zuri? Na plasta nipige kabla ya kupaua au baada?"

Mkuu usimpe. Nimesoma hizo namba nikahisi kama mtu kaniibia diary yangu, kwa sababu mimi zangu zilikuwa milioni 13.4, 16.2 na 17, nyumba iko Moshono, na mimi pia nilimchukua wa kwanza tena nikajiona mjanja, wale wawili wengine nikawaita wezi mbele ya mke wangu.

Kosa langu lilikuwa hili: niliangalia mstari wa mwisho wa kila karatasi, basi. Sikukaa chini hata nusu saa kujiuliza kama hizo karatasi tatu zinazungumzia paa moja. Na hazikuwa zinazungumzia paa moja. Huyu wangu aliandika "mabati ya rangi", wa pili akaandika geji 30, wa tatu geji 28. Mimi nikasoma bati, bati, bati. Kumbe kwenye geji namba ikipanda unene unashuka, na siku mzigo umeshushwa saiti jirani yangu mwenye duka la vifaa akapita, akalibonyeza bati moja kwa dole gumba, likabonyea kama kopo la juisi. Geji 32. Namwendea fundi moto, ananiambia kwa upole kabisa, "Kwani bosi, hayana rangi?" Yanayo. Karatasi ilisema rangi na rangi ilikuwepo, ningemshitaki kwa lipi? Kuyarudisha na kuchukua geji 28 nikaongeza laki tisa na sitini.

Halafu kenchi, zile fremu za mbao zinazobeba paa, zikasimama, ndo naambiwa kofia za kuziba migongo ya paa hazimo kwenye hesabu. Sasa angalia paa langu: nyumba mita 12 kwa 10, paa la migongo minne, linatoka nje ya ukuta sentimita 60 kila upande, mlalo kama digrii 30. Mgongo wa juu ni mita 2 tu, lakini ile minne inayoshuka pembeni kila mmoja ni mita nane na nusu na kidogo, jumla mita 36 za kuziba. Kofia ya mita 2 ukiipandanisha sentimita 15 unahitaji 20. Kofia ishirini mkuu, si kitu cha kusahau kwa bahati mbaya! Mtu wa kupaua asahau kofia ni sawa na mama ntilie asahau chumvi kila siku. Pamoja na valei za pale kibaraza kinapoungana na nyumba, laki tano na sitini. Fisha bodi, ule ubao wa kuzunguka ukingo wa paa, nayo haikuwepo, mzunguko wa paa lote ni kama mita 49, laki nne na thelathini. Usafiri na kushusha mzigo laki mbili na nusu. Yule wa milioni 17 alikuwa na vyote hivyo, kila kimoja na mstari wake, mimi nikaona karatasi ndefu nikasema huyu anajaza kurasa.

Na hapo bado sijafika kwenye kidonda chenyewe, malipo. Karatasi yangu iliandika asilimia 60 kuanza, asilimia 30 "kazi ikiendelea", asilimia 10 kumaliza. Sasa nikuulize, kazi ikiendelea ni lini? Mimi nilidhani bati likiwa limeanza kupigwa. Yeye, kenchi ziliposimama tu na mabati yakiwa yamelala chini, akasema bosi si unaona kazi inaendelea, naomba ile ya pili. Nikatuma. Yaani nikawa nimeshalipa milioni 12 na elfu 60 kwa nyumba ambayo ukisimama sebuleni unaona Mlima Meru. Baada ya wiki simu inaita haipokelewi, kumbe chalii kachukua saiti nyingine Usa River. Na kwa nini arudi? Kwangu amebakiza milioni 1.34 na kazi ya wiki mbili na nusu na vijana wa kulipa. Hata mimi nisingerudi.

Masika ikanikuta hivyo. Zile mbao niliambiwa "zina dawa", kumbe zimepakwa oili chafu ya gari juu juu, zikanywa maji zikapinda. Mbao iliyotiwa dawa kwa mtambo ukikata kichwa unaona rangi ya kijani imeingia ndani, ya kwangu nilipokata ndani nyeupee. Nikabadilisha za laki nne, nikaweka fundi mwingine kwa milioni 1.7, nikalipa kodi ya miezi miwili zaidi nilikopanga, laki sita. Jumlisha mwenyewe, mimi nilishajumlisha usiku mmoja nikashindwa kulala: milioni 16.96. Kwa hiyo kukwepa yule "mwizi" wa milioni 17 kumeniokolea elfu 40 na kuniachia presha.

Aliyeniletea huyo fundi ni shemeji yangu, "huyu ni mtu wangu kabisa, usimsumbue na maswali". Ndio maneno yake. Mtu akikwambia usimsumbue fundi na maswali jua kabisa yeye hajawahi kumlipa.

Sasa wewe kabla ya Jumatatu fanya kitu kimoja tu, mengine achana nayo. Chukua karatasi yako mwenyewe, sio ya fundi. Upande wa kushoto andika kila kitu kinachoonekana kwenye zile kwoteshini zote tatu, hata kama kipo kwenye moja tu: mbao za kenchi na saizi yake, papi za kupigilia bati, dawa, bati na geji, kofia, valei, fisha bodi, misumari, usafiri, ufundi. Halafu jaza bei ya kila mtu. Patakapobaki wazi usijaze kwa imani, piga simu uulize, "hii imo ndani ya bei au haimo?" na jibu aliandike na kusaini. Mimi nilipokuja kuifanya hiyo kazi (nimeshaliwa tayari) yule wa kati wa 16.2 alikuwa na matundu mawili tu, wangu alikuwa kama chandarua cha hosteli.

Na hilo la asilimia 60 lifute. Vifaa nendeni dukani pamoja ulipe wewe, risiti jina lako. Ufundi ndio umlipe kwa hatua ambayo unaweza kuipiga picha: kenchi zote zimesimama na papi zimepigwa, unalipa, bati lote na kofia zote ziko juu, unalipa, inabaki asilimia kumi mpaka mmwagie mpira wa maji kwenye valei robo saa na wewe uko ndani unaangalia kwa tochi. Akikataa kuandika geji na hizo hatua, mwache aende na 13.2 yake.

Shemeji juzi kanitumia namba ya fundi wa vigae. Eti mtu wake kabisa.